Ankara ya domeni usiyoiagiza: usiilipe, ila kagua tarehe kabla hujaifuta

*Habari za kazi kaka. Mimi na mume wangu tuna nyumba ndogo ya wageni hapa Moshi, na tovuti yetu ya .com tulitengenezewa na kijana mmoja miaka michache iliyopita. Wiki hii imeingia barua pepe yenye ankara ya dola 289, inasema domeni yetu inaisha na tusipolipa ndani ya saa 24 tovuti itafutwa. Hiyo kampuni sijawahi kuisikia. Halafu juzi nimegundua binti wetu wa mapokezi alijaza fomu ya kuingiza biashara kwenye rejista fulani ya kimataifa, akasaini na kugonga muhuri, sasa wanatudai euro 995. Nilipe ipi, niache ipi?*

Dada yangu, usilipe hata moja. Ila karatasi hizo mbili hazifanani, na namna ya kuachana nazo si moja. Ya domeni unaweza kuiacha bila kumjibu mtu, mradi kwanza ukague jambo moja nitakalokueleza. Ya euro 995 ina saini na muhuri wenu, kwa hiyo hiyo itabidi uijibu, tena mara moja tu, kwa maandishi.

Tuanze na ya domeni. Fungua tena kile kiambatisho ukisome taratibu, usikimbilie kwenye tarakimu. Juu utaona jina la domeni yenu kwa herufi nene, chini yake tarehe, kisha jedwali lenye muda wa mwaka mmoja na kiasi cha kulipa, kisha kitufe kikubwa cha kulipia. Vyote vimepangwa ili mtu mwenye haraka aone bili. Sasa shuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi ya kijivu ambayo kwenye simu ni lazima uyakuze kwa vidole viwili ndipo yasomeke. Hapo mara nyingi wameandika wenyewe kwamba hii si bili bali ni pendekezo la huduma, na huna wajibu wa kulipa usipolikubali. Na huduma yenyewe wala si kulipia domeni upya. Ni kile wanachokiita kuisajili tovuti yako kwenye injini za utafutaji. Google haitozi hata senti kuiingiza tovuti kwenye matokeo yake ya kawaida, na hao waliokuandikia hawana mlango wa pembeni wa kukupitisha. Hata ile tarehe, soma maneno yaliyo mbele yake: mara nyingi ni mwisho wa ofa yao, si mwisho wa domeni yako.

Utajiuliza kwa nini tapeli aandike ukweli kwenye karatasi yake mwenyewe. Mtindo huu ulianza na barua za posta, na sheria ya posta ya Marekani inataka tangazo lolote lililotengenezwa kwa sura ya bili liseme wazi kwamba si bili na kwamba mpokeaji hadaiwi. Wajanja wakaligeuza sharti hilo kuwa ngao. Wanaliandika pale ambapo hakuna anayesoma, ili siku wakishitakiwa waseme tulimwambia. Zipo pia ankara zisizo na maandishi hayo kabisa. Hizo ni uongo mtupu, na kukosekana kwa maandishi ya chini kusikufanye udhani ni bili halali.

Bei nayo inasema mengi. Domeni za .com zote ziko kwenye daftari moja kuu linaloendeshwa na kampuni ya Verisign. Septemba 2024 kampuni hiyo ilipandisha ada inayowatoza wasajili, yaani kampuni zinazouza domeni, ikafika dola 10.26 kwa domeni moja kwa mwaka. Msajili anaongeza faida yake, wakala wa hapa nyumbani anaongeza ya kwake, na mwisho wa yote mteja wa kawaida analipa kati ya dola 12 na 20 na ushee, au zaidi kidogo kama wakala anakuhudumia kwa mambo mengine. Dola 289 kwa mwaka mmoja wa domeni ya kawaida haipo. Ukiona kiasi kama hicho kwenye bili halali, basi ndani yake kuna kitu kingine, kama vile nafasi ya tovuti kwenye seva, barua pepe au matengenezo, na bili halali itavitaja kimoja kimoja.

Wengi huniuliza hao watu walijuaje jina la domeni na mwezi wake. Hakuna aliyedukua chochote. Tarehe ya domeni kuisha iko wazi kwa dunia nzima, kwa sababu daftari la majina ya mtandao liliundwa tangu zamani liwe la kusomwa na yeyote. Zamani hata jina la mwenye domeni, simu yake na sanduku la posta vilionekana; tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipoanza kutumika, sehemu kubwa ya hayo imefichwa kwa domeni kama .com. Lakini tarehe haikufichwa, na anwani yako ya barua pepe umeibandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mawasiliano ili wageni waweke nafasi. Programu ndogo inazunguka usiku kucha ikiokota tarehe huku na anwani kule, asubuhi ankara maelfu ziko njiani.

Kuna toleo la zamani zaidi la mchezo huu, nalo ni baya kuliko la kwako. Kampuni iliyojiita Domain Registry of America ilikuwa ikituma kwa posta barua zilizofanana na notisi ya serikali, zikimtaka mwenye domeni alipe asiipoteze. Aliyelipa hakuwa analipia domeni pale ilipo. Alikuwa anaihamisha kwenda kwa msajili mwingine wa bei kubwa, bila kujua. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwafikisha mahakamani mwaka 2003 wakawekewa amri ya kuacha kupotosha watu. Barua hazikuisha. Mwaka 2014 ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, lilimsimamisha kwa muda msajili aliyehusishwa na barua hizo. Nakutajia hili kwa sababu ankara ya namna hiyo hudai kitu kimoja ambacho ya kwako pengine haidai: msimbo wa kuhamisha domeni, ambao wengine huuita EPP au msimbo wa idhini. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaotolewa na msajili wako, na ndio ufunguo wa kuitoa domeni kwake. Yeyote anayekuomba msimbo huo wakati wewe hukuomba kuhama, usimpe, hata kama ankara yake ni ya dola kumi.

Sasa lile jambo moja la kukagua, na hapa ndipo watu makini huumia. Wewe unaona ankara ni ya uongo, unaifuta, unalala. Lakini ankara ya uongo inaweza kuwa na tarehe ya kweli. Mtapeli ameisoma kwenye daftari lile lile. Kama domeni yenu kweli inaisha mwezi huu na hakuna mwingine aliyekukumbusha, utakuwa umemkwepa mwizi na huku nyumba inauzwa.

Fungua ukurasa wa lookup.icann.org, andika domeni yako bila www, bonyeza utafute. Fundi mwenye kompyuta ya Linux au Mac anaweza kuandika amri moja tu, na atapata majibu marefu ambayo ndani yake yenye maana kwako ni mistari hii minne:

```
whois jinalako.com

Registrar: (jina la msajili)
Creation Date: 2019-03-14T09:21:07Z
Registry Expiry Date: 2027-03-14T09:21:07Z
Domain Status: clientTransferProhibited
```

Mstari wa kwanza ni msajili, yaani kampuni inayoishikilia domeni yako kwa niaba yako. Wa tatu ndio tarehe ya kweli ya kuisha. Wa nne maana yake domeni imefungwa kufuli, haiwezi kuhamishwa mpaka kufuli lifunguliwe kutoka kwenye akaunti yenu. Ukiukosa mstari huo, mwambie anayekusimamia domeni aifunge. Kwa domeni za .co.tz daftari liko chini ya TCRA, na kwa za .co.ke liko kwa KeNIC. Nako utatafuta vitu vile vile viwili, msajili na tarehe.

Linganisha jina la msajili na jina lililo kwenye ankara. Yakitofautiana, na ankara haikutoka kwa wakala wenu mnayemjua, ankara imekwisha. Lakini uwe mwangalifu na ile hoja yako kwamba hiyo kampuni hujawahi kuisikia. Kwa biashara nyingi ndogo za kwetu, jina la msajili litakaloonekana pale ni la kampuni kubwa ya Marekani, India au Ulaya ambayo mwenye biashara hajawahi kuisikia pia, na ni halali kabisa. Kijana aliyewatengenezea tovuti alinunua kwa wakala, wakala naye ananunua kwa hao wakubwa. Kwa hiyo ugeni wa jina peke yake haukuambii kitu. Kinachosema ni kama jina hilo ndilo lililo kwenye daftari, au ni la wakala wenu.

Hapa panaelezea pia kwa nini ya uongo ilikufikia wewe na ya kweli hujaiona. Kanuni za ICANN zinamtaka msajili wa domeni kama .com atume vikumbusho angalau viwili kabla ya kuisha, kimoja yapata mwezi mmoja kabla na kingine yapata wiki moja kabla, halafu kimoja tena ndani ya siku tano baada ya kuisha kama haijalipiwa. Vinatumwa wapi? Kwenye barua pepe iliyoandikwa siku domeni iliposajiliwa. Kama ni ya yule kijana, vinakwenda kwake. Kama aliacha kuitumia, vinakwenda kusikojulikana. Barua pekee inayofika mezani kwako inakuwa ya mtapeli, kwa sababu yeye hakutumia anwani ya usajili, ametumia ile iliyo kwenye tovuti.

Nimeliona hili kwa karibu kwenye duka moja la vipuri vya magari. Mhasibu wao alipokea ankara ya kigeni, akaangalia jina la domeni, sahihi. Akaangalia mwezi, sahihi. Akalipa kwa kadi ya kampuni na kuiweka risiti kwenye faili. Bili ya wakala wao wa kweli ilipokuja kwa pesa ndogo zaidi, aliikataa kwa kujiamini kabisa: tumeshalipa. Wakala alikumbusha tena, akajibiwa vile vile, tena kwa ukali kidogo. Domeni ikaisha. Tovuti ikabadilika kuwa ukurasa wa matangazo, na barua pepe zote za ofisi, zilizokuwa kwenye domeni hiyo hiyo, zikakata siku moja. Wauzaji wao wa Dubai walikuwa wanatuma oda, zinarudi. Siku hizo zote lawama zilikuwa kwa wakala. Nilipoomba kuona kile walicholipia, tukakuta chini kwa maandishi madogo kwamba ni huduma ya kuorodheshwa kwenye injini za utafutaji. Domeni iliokolewa, ila kwa adhabu ya kuirejesha ambayo ilikuwa mara kadhaa ya bei ya mwaka mmoja. Hasara yao kubwa haikuwa dola walizompa tapeli. Ilikuwa zile siku bila barua pepe.

Iliokolewa kwa sababu domeni haifutwi kwa saa 24, na hili likutulize. Domeni ya .com ikipita tarehe yake, kwanza kuna kipindi cha hadi siku 45 ambacho msajili anaweza kukuruhusu uilipie kwa bei ya kawaida. Msajili akiifuta, kuna siku 30 nyingine za kuikomboa, hapo ndipo adhabu inapoingia. Kisha siku tano ambazo hakuna awezaye kufanya lolote, halafu jina linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Usizihesabu siku hizo 45 kama likizo, maana kila msajili ana utaratibu wake ndani yake na wengine huizima tovuti mapema ili ushtuke. Lakini mtu anayekuambia saa 24 anakutisha tu.

Kwa hiyo leo kagua tarehe. Ikiwa imebaki miezi mingi, futa ile ankara na usibonyeze hata kile kiungo cha kujitoa kwenye orodha yao, kwa sababu ukibonyeza unawathibitishia kwamba anwani ina mtu. Ikiwa imebaki wiki chache, ifute vile vile, kisha mpigie yule kijana mlipie kupitia akaunti ya kweli. Na ukiwa naye kwenye simu, mwombe vitu viwili: aingize jina la biashara yenu kama mwenye domeni, na abadilishe barua pepe ya usajili iwe yenu. Iwe anwani isiyo kwenye domeni hiyo hiyo, tafadhali. Watu huweka ile nzuri ya ofisi, domeni ikikwama na barua pepe imekwama, na kikumbusho cha kuifungua kinatumwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Ikiwa tayari kuna mtu hapo ofisini ameshalipa ankara ya namna hii kwa kadi, usianze na kuwaandikia wao. Nenda benki siku hiyo hiyo, uwaambie mambo mawili: unapinga malipo hayo kwa sababu bidhaa ilielezwa kwa udanganyifu, na unataka kadi ifungwe ipewe namba mpya. Hilo la pili watu hulisahau. Baadhi ya hao huhifadhi kadi na kukata tena mwaka unaofuata bila kuuliza. Kama ni pesa iliyotumwa benki kwa benki kwenda nje, benki inaweza kuomba irudishwe, lakini ikishaingia kwenye akaunti ya upande wa pili inategemea ridhaa ya mpokeaji, na unajua mwenyewe atajibu nini.

Tuje kwenye fomu ya binti wa mapokezi. Usimfokee sana, maana fomu hizi zimenasa hata shule na maktaba za Ulaya. Itafute nakala aliyoituma uione. Juu kuna jina la rejista lenye harufu ya serikali au Umoja wa Ulaya, taarifa za biashara yenu zikiwa zimejazwa nusu, na maelezo kwamba kusahihisha taarifa ni bure. Hiyo ni kweli, kusahihisha ni bure. Chini, katika aya ndefu isiyo na pumzi, imeandikwa kwamba kusaini ni kuagiza tangazo kwa miaka mitatu, kwa euro 995 kila mwaka. Kwa hiyo hawakudai euro 995 tu. Kwa hesabu yao deni zima ni euro 2,985, na hizo 995 ni za mwaka wa kwanza tu.

Mchezo huu una umri. Malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yalijaa Bunge la Ulaya mpaka tarehe 16 Desemba 2008 bunge hilo likapitisha azimio mahsusi juu ya kampuni za orodha za biashara zinazopotosha. Azimio halikuwafuta duniani. Wanabadilisha jina, wanahamisha anwani kutoka nchi hadi nchi, fomu inabaki ile ile. Kwa wanaokwenda kwenye maonyesho ya utalii nje, wako pia wanaojifanya orodha ya washiriki wa maonyesho, wakitumia majina waliyoyaokota kwenye tovuti ya mwandaaji. Nyinyi wa utalii mtaziona sana.

Kisheria uko wapi? Kama msingesaini chochote, ningekwambia upuuze: kunyamaza si kukubali, na hakuna ankara inayoweza kuzaa deni pasipo makubaliano. Lakini nyinyi mmesaini, kwa hiyo nitasema kwa tahadhari zaidi. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, makubaliano yaliyopatikana kwa udanganyifu yanaweza kubatilishwa na yule aliyedanganywa, lakini ni lazima aseme kwamba anayabatilisha. Upande wao watakuambia maneno yalikuwepo na binti alipaswa kuyasoma. Hoja yako ni kwamba fomu ilitengenezwa isisomeke hivyo, na kwamba mtu wa mapokezi hana mamlaka ya kuingia mikataba kwa niaba ya biashara. Hoja hizo zina nguvu zikitolewa mapema, kabla hujalipa hata euro moja. Ukilipa awamu ya kwanza kuwanyamazisha, umewapa ushahidi kwamba ulikubali, na awamu mbili zinakufuata.

Kwa hiyo andika barua pepe moja fupi, kwa Kiingereza ili wasijifanye hawajaelewa, isainiwe na wewe au mumeo kama wamiliki. Iwe na maudhui haya: kwamba fomu ya tarehe fulani ilisainiwa na mfanyakazi asiye na mamlaka, akiamini kwa namna mlivyoiandika kwamba anasahihisha taarifa bure, kwamba biashara haikukusudia kununua tangazo na inabatilisha makubaliano yoyote mnayodai yapo, kwamba taarifa zetu ziondolewe kwenye orodha yenu, na kwamba hatutalipa wala kuendelea na mawasiliano. Usiombe radhi, usieleze hali ya biashara msimu huu, usipendekeze nusu. Ihifadhi pamoja na fomu, bahasha au barua pepe iliyoileta, na picha ya ukurasa wao unaoonyesha tangazo lenu, kama lipo.

Baada ya hapo jiandae, kwa sababu watazidi. Zitakuja notisi za pili na za tatu, gharama za kuchelewa zitaongezwa, kisha barua kutoka kwa kampuni inayojiita ya kukusanya madeni, mara nyingi yenye sauti ya wakili. Wengine hushusha bei ghafla na kukupa "suluhu" ya nusu ukilipa Ijumaa hii. Hizo zote weka kwenye faili bila kujibu. Karatasi pekee inayobadilisha mambo ni wito halisi wa mahakama, uliokufikia kwa taratibu za mahakama na si kama kiambatisho cha barua pepe. Ukiupata huo upeleke kwa wakili siku hiyo hiyo. Na hata mtu akipata hukumu huko nje, haigusi mali yako Moshi mpaka ipitie kwanza mahakama za hapa.

Kwa upande wa ofisi, mimi hupendelea karatasi moja iliyobandikwa ndani ya kabati la mhasibu, au kwenye daftari lako kama huna mhasibu: domeni yetu iko kwa nani, inaisha mwezi gani, tunalipa kiasi gani, tunamlipa kwa njia ipi. Ankara isiyolingana na mistari hiyo inasimama mpaka wewe uione. Kwa wakala wa hapa nyumbani una kipimo cha ziada: ankara yake ina TIN, na ukilipa anakupa risiti ya EFD. Mtu wa kigeni anayekudai dola 289 hana hata kimoja, na TRA watakapokagua vitabu hiyo karatasi yake ya rangi haitakusaidia.

Utapata na nyingine siku moja, nikuambie mapema ili usinitafute usiku: barua kutoka kwa mtu anayejitambulisha kama msajili wa majina China, akidai kuna kampuni inataka kusajili jina lenu kwa .cn au .asia, naye kwa uungwana anawapa nyinyi nafasi ya kwanza. Hiyo kampuni nyingine haipo. Futa.

Limebaki la yule kijana, kama hapokei simu. Ukishajua msajili kutoka kwenye daftari, mwandikie msajili moja kwa moja kupitia kitengo chake cha huduma kwa wateja, ueleze kwamba nyinyi ndio biashara inayotumia jina hilo na aliyelisajili alikuwa fundi mliyemlipa. Ambatanisha cheti cha BRELA cha jina la biashara, risiti au miamala ya simu mliyomlipa kijana, na mazungumzo ya WhatsApp ya wakati ule kama bado mnayo. Msajili hatakukabidhi domeni kwa barua moja, maana kwenye vitabu vyake mwenye domeni ni yule aliyeandikwa, na ICANN haiamui nani ni mwenye mali katika mgogoro wa namna hiyo. Kama domeni imekaribia kuisha, waulize kwanza swali dogo: je, mtu asiye na akaunti anaweza kulilipia jina hili mwaka mmoja zaidi bila kuchukua umiliki? Wapo wasajili wanaoruhusu, na kwa dola kama kumi na tano unapata mwaka mzima wa kumtafuta kijana bila presha.

Nitumie picha ya majibu ya daftari ukishayapata, pamoja na nakala ya ile fomu, nikutazamie kabla hujatuma barua yako.